Mswada wa Daktari haujachapishwa, nami nauhitaji kwenye tasnifu

Mshauri, habari za kazi?

Nasomea uzamili wa Kiswahili hapa Nairobi. Tasnifu yangu inahusu mazungumzo ya makanga na abiria kwenye steji za katikati ya jiji. Mwezi Machi mwaka 2025, Daktari wa chuo kingine alitoa mada kwenye semina ya wazi, nami nilipomwomba akanitumia mswada wake kwa barua pepe. Ameuandika pamoja na mwenzake, na wameshaupeleka kwa jarida. Ndani yake wamegawa ubadilishaji wa lugha katika aina nne, na mgawo huo unaifaa data yangu sana. Jedwali la 3 linaonyesha kwamba katika mazungumzo 212, makanga alibadili lugha kabla ya kutaja nauli mara 131. Pia kuna aya moja ningependa kuinukuu yote.

Msimamizi wangu ameniambia niandike "mawasiliano ya kibinafsi" niendelee. Mwanafunzi mwenzangu anasema nitaje jina la jarida ili rejeleo liwe na uzito. Mimi naogopa kuomba ruhusa, maana akikataa nitakuwa nimejifungia mlango kwa mkono wangu. Nawasilisha baada ya wiki sita. Nifanyeje?

Mwanafunzi wa uzamili, Nairobi

*

Omba ruhusa, na uombe wiki hii. Daktari alipokutumia faili alikuruhusu kusoma. Kuandika yaliyomo kwenye tasnifu ni jambo jingine, kwa sababu tasnifu za vyuo vyetu huishia kwenye hazina ya mtandaoni, na mtu yeyote akizisaka anazipata. Mgawo wake wa aina nne ungesomwa kwako kabla haujasomwa kwake. Kuna na jambo la jarida. Majarida mengi ya isimu huwaficha wahakiki jina la mwandishi. Mhakiki akiandika kichwa cha mswada kwenye Google, akakutana na tasnifu yako inayosema ni wa nani, usiri huo umevunjika, na aliyeuvunja ni wewe.

Hofu yako ya kukataliwa tunaielewa, lakini ipime upande wa pili. Ukimtaja bila kumwuliza, naye akaiona tasnifu mtandaoni, huna cha kumjibu. Akikataa sasa, una wiki sita za kupanga upya sura moja. Na kusema kweli, waandishi wengi hukubali wakiombwa vizuri. Kinachowafanya wasite ni ombi lisiloeleza litatumiwa nini, lile la "naomba kutumia utafiti wako".

Kabla ya kuandika ombi, tenga nusu saa uchunguze mambo mawili.

La kwanza, tafuta kama mswada huo tayari uko hadharani. Andika kichwa chake chote ndani ya alama za kunukuu kwenye Google Scholar, kisha utafute jina la kila mwandishi. Huenda waliuweka kama chapisho la awali kwenye ghala la wazi, kwa mfano Zenodo, ambalo huupa namba ya kudumu ya DOI. Ukiupata hapo, basi rejelea hilo toleo la ghala pamoja na DOI yake, na huhitaji ruhusa ya mtu kulitaja. Angalia tu kama takwimu unayoitaka imo na ni ileile, kwa maana toleo la ghala laweza kuwa la zamani kuliko ulilotumiwa.

La pili ni asili ya faili. Lako lilitoka kwa mwandishi mwenyewe, kwa hiyo hapo hakuna tatizo. Tunalitaja kwa ajili ya wasomaji wengine wanaopokea PDF kutoka kwa msimamizi au rafiki. Faili likiwa na maandishi hafifu ya "For Peer Review" yaliyokatiza kurasa, au jalada lenye namba ya mswada lakini halina majina ya waandishi, kuna uwezekano mkubwa kwamba limetoka mikononi mwa mhakiki. Mhakiki hupewa mswada kwa siri. Miongozo ya COPE, kamati inayoshughulikia maadili ya uchapishaji, inamkataza kutoa yaliyomo au kuyatumia kwa manufaa yake au ya mtu mwingine. Faili la namna hiyo halirejelewi, na usimwandikie mwandishi kumwomba ruhusa kana kwamba ulilipata kwa njia halali. Mrudie aliyekupa, umwambie hutalitumia, ulifute.

Sasa tuje kwenye ombi lako. Siri ya ombi linalojibiwa ni kuandika kwanza aya yako ya tasnifu, ile hasa itakayobeba kazi yake, ukaibandika ndani ya barua. Mwandishi anayeuliza "utasema nini juu yangu?" anahitaji muda na subira. Anayeiona aya yenyewe anaweza kukujibu kwa mstari mmoja. Tena anapata nafasi ya kukusahihisha kama umemwelewa vibaya, na hilo peke yake lina thamani kuliko ruhusa. Ukimwandikia barua ya namna hii itatosha:

*Dkt., habari za wiki hii? Nashukuru tena kwa mswada ulionitumia mwezi Machi baada ya semina. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu mazungumzo ya makanga na abiria, nami nitaiwasilisha baada ya wiki sita. Ikishapitishwa itawekwa kwenye hazina ya mtandaoni ya chuo.*

*Naomba ruhusa yako na ya mwandishi mwenzako kurejelea mambo mawili: mgawo wenu wa aina nne, na takwimu ya 131 kati ya 212 iliyo kwenye Jedwali la 3. Ningependa pia kunukuu sentensi mbili za sehemu ya hitimisho. Aya zangu zilivyo sasa nimezibandika hapa chini, pamoja na rejeleo litakavyoandikwa.*

*Naomba unisaidie na haya: Je, faili nililo nalo ndilo toleo mnalotaka lirejelewe? Mswada uko hatua gani sasa? Mngependa majina na kichwa viandikwe vipi? Na watahini wangu wakitaka kuuona, naweza kuwaonyesha?*

*Nisipopata jibu kufikia tarehe fulani, sitautaja mswada. Ahsante sana, Dkt.*

Kila swali humo lina kazi yake. Toleo, kwa sababu waandishi husahihisha hata baada ya kutuma, na huenda takwimu yako imeshabadilika. Hatua, kwa sababu ndiyo inayoamua utaandika nini kwenye mabano ya rejeleo. Majina na kichwa, kwa sababu vyote viwili hubadilika wakati wa marekebisho, na mwandishi anaweza kukwambia uache kichwa au utumie kichwa kifupi mpaka uhakiki uishe. Ama watahini, mtahini makini akiona hoja imesimama juu ya kitu asichoweza kukisoma ataomba kukiona, na siku ya utetezi si siku ya kuanza kutafuta ruhusa. Daktari akisema wasionyeshwe, basi, usiwaonyeshe. Kwa vyovyote vile usiuambatishe mswada mzima kama kiambatisho. Hapo utakuwa umemchapishia.

Ile sentensi ya mwisho ya barua usiiondoe. Inampunguzia mzigo: anajua kwamba akinyamaza hatakuta jina lake kwenye kazi yako. Nayo inakufunga wewe, maana kunyamaza kwake hakuwi ruhusa. Weka tarehe ya wiki mbili mbele. Wiki moja ikipita kimya, mkumbushe mara moja kwa mistari miwili. Baada ya hapo usimfuate kwa simu.

Kuhusu mwandishi wa pili, huhitaji kumwandikia barua yake. Mwombe Daktari athibitishe kwamba anajibu kwa niaba ya wote wawili, na jibu hilo liwe la maandishi. Akikwambia "tumia tu" mkikutana korido au kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, mshukuru, kisha umtumie barua pepe ya mistari mitatu ukisema ulivyomwelewa, naye ajibu "ndivyo". Ihifadhi kama PDF, nakala moja umpe msimamizi. Mapendekezo ya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, yanadai waziwazi ruhusa ya maandishi kwa habari iliyotoka kwenye mswada ambao haujakubaliwa. Wewe hauko kwenye tiba, lakini desturi hiyo ni nzuri, na sura ya tasnifu yako ikigeuzwa makala baadaye, mhariri anaweza kukuuliza barua hiyo iko wapi.

Pale kwenye aya unayotaka kuinukuu yote, tungekushauri uipunguze. Mswada unalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 tangu ulipoandikwa, hata kabla haujasajiliwa wala kuchapishwa popote. Sentensi moja au mbili zenye neno ambalo huwezi kulisema vizuri kuliko yeye zinatosha. Kisha kuna sababu ya kiufundi: maneno ya mswada ndiyo yanayobadilika kwanza wahakiki wakishasema. Ukinukuu aya nzima ya Machi, na makala ikatoka bila aya hiyo, utabaki na nukuu ambayo msomaji hataikuta popote. Maelezo kwa maneno yako mwenyewe hudumu zaidi. Jedwali zima nalo usilinakili. Toa ile takwimu moja, useme imetoka jedwali gani.

Tuseme Daktari amekubali. Tutachukua kwamba chuo chako kinatumia mwongozo wa APA, toleo la 7. Kama kina mwongozo wake, huo ndio unaotangulia. Mswada wenye kichwa na waandishi ni andiko, na andiko huingia kwenye orodha ya marejeleo. Kwa hiyo hapa hatukubaliani na msimamizi wako. Mawasiliano ya kibinafsi ni yale aliyokwambia kwa barua, simu au ana kwa ana, ambayo hayana andiko la kurejelea. Hayo hutajwa ndani ya matini tu, kwa jina na tarehe kamili, na hayaingii kwenye orodha. Ukiuita mswada wa kurasa nyingi mawasiliano ya kibinafsi, unamwonyesha msomaji kama kwamba Daktari alikudokezea jambo njiani, na kazi yake haionekani. Lakini kama katika kujibu barua yako ataongeza maelezo yasiyomo kwenye mswada, tuseme kwamba rekodi zote zilichukuliwa asubuhi, hayo ndiyo utakayoyaita mawasiliano ya kibinafsi, na uyaombee ruhusa vilevile.

Kwa kuwa umeshapelekwa jaridani, rejeleo lako litakuwa hivi:

Jina, A. B., na Jina, C. D. (2024). *Kichwa cha mswada kilivyo kwenye faili* [Mswada uliowasilishwa ili uchapishwe]. Idara, Chuo Kikuu.

Mwaka ni ule toleo hilo lilipoandikwa. Ukifungua faili ukakuta tarehe ya Desemba 2024, andika 2024, ingawa ulilipokea Machi 2025 na utawasilisha tasnifu baada ya hapo. Kama faili halina tarehe, mwulize Daktari. Usiitegemee tarehe ambayo kompyuta yako inaionyesha, kwa sababu mara nyingi hiyo ni siku uliyopakua. Mabano ya mraba yanabeba hatua ya mswada: "Mswada unaoandaliwa" kama bado unaandikwa, "Mswada uliowasilishwa ili uchapishwe" kama uko kwa jarida, na "Mswada ambao haujachapishwa" kama umekamilika lakini haujapelekwa popote, au kama mwandishi hataki ijulikane kwamba umepelekwa. Hilo la mwisho ni haki yake, nawe likubali bila kumwuliza sana.

Jina la jarida liache, hata kama alikutajia. Mwongozo wa APA unasema hivyo, na sababu zake ni za maana. Kupeleka mswada kwa jarida ni jambo ambalo kila mtu anaweza kulifanya, kwa hiyo jina hilo linaupa uzito ambao bado haujapatikana. Likiukataa, waandishi wataupeleka kwingine, na tasnifu yako itabaki mtandaoni ikitangaza kwamba ulikataliwa. Mwenzako alitaka rejeleo liwe na nguvu, lakini mtahini anayejua kazi hii akiliona jina la jarida hapo atajua tu kwamba hukufuata mwongozo.

Ndani ya matini, usitaje ukurasa. Faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine, au kwa fonti nyingine, kurasa husogea, na ukurasa wako wa 11 unakuwa wa 12 kwa mtu mwingine. Taja sehemu, aya au jedwali: (Jina na Jina, 2024, Jedwali la 3). Siku hiyohiyo uligeuze faili kuwa PDF, uliite kwa jina lenye tarehe ya toleo, na usiliguse tena. Hilo ndilo toleo ulilorejelea, na swali lolote likija miezi mingi baadaye utalijibu kwa kulifungua. Ukitumia Zotero, chagua aina ya Manuscript, maneno ya mabano uyaweke kwenye sehemu ya Type, na chuo kwenye Place. Usichague Journal Article ukaacha nafasi ya jarida wazi, maana rejeleo litatoka kama makala iliyochapishwa iliyokosa sehemu, na mtu atakuja "kukusaidia" kwa kuijaza.

Namna ya kuisema takwimu yenyewe ina uzito kuliko mabano. Kitu ambacho hakijahakikiwa kisemwe kwa sauti ya kitu ambacho hakijahakikiwa. Badala ya "Makanga hubadili lugha kabla ya kutaja nauli", andika: "Katika mswada ambao bado unahakikiwa, Jina na Jina (2024, Jedwali la 3) wanaripoti kwamba makanga alibadili lugha kabla ya kutaja nauli katika mazungumzo 131 kati ya 212." Sentensi hiyo itabaki kuwa kweli hata takwimu ikibadilika kesho, kwa kuwa inasema mswada ule uliripoti nini. Ile ya kwanza inageuka kuwa kosa lako.

Na takwimu hubadilika. Tuseme wahakiki wanauliza idhini ya wazungumzaji ilipatikana vipi, na waandishi wanalazimika kuondoa mazungumzo 14 ambayo idhini yake haikukamilika. Wanabaki na 198, na waliobadili lugha kabla ya nauli ni 117. Asilimia 62 imekuwa 59. Kwa Daktari hoja bado imesimama, lakini kwako, kama uliandika "karibu theluthi mbili" kisha ukalinganisha na steji yako moja, ulinganisho umelegea. Ndiyo maana tunasema mswada uwe nguzo ya pembeni. Sura ya uchambuzi isimame kwa data yako na kwa kazi zilizochapishwa, mswada uongeze. Ijaribu hivi: funika kwa kidole kila sentensi inayomtaja Daktari, usome sura iliyobaki. Ikiwa haina hoja tena, umemwegemea kupita kiasi, na mgawo wa aina nne ndipo hasa tunaposhuku hilo kwako. Kuutumia mgawo wa mtu kama kiunzi cha tasnifu nzima ni zaidi ya kuurejelea, kwa hiyo mwambie waziwazi kwenye barua kama ndivyo unavyokusudia. Aya mbili ulizobandika hazitamwonyesha hilo.

Wiki moja kabla ya kuwasilisha, mwandikie tena Daktari mstari mmoja kuuliza mswada umefika wapi. Kama umerudishwa ili urekebishwe, hata kwa maneno mazuri kiasi gani, kwa rejeleo lako bado ni mswada uliowasilishwa. Hugeuka siku mhariri anapotoa barua ya kuukubali. Hapo jarida linaruhusiwa kutajwa, mwaka unaondoka na nafasi yake inachukuliwa na "inachapishwa", nawe unaomba nakala iliyokubaliwa usome Jedwali la 3 upya kabla ya kubadilisha herufi yoyote. Ukibadilisha rejeleo ukaacha takwimu za zamani, utakuwa umewasingizia waandishi namba waliyoiondoa. Haya ndiyo makosa tunayoyaona mara nyingi, na hutokea kwa sababu rejeleo ni rahisi kulisahihisha kuliko kusoma upya. Kumbuka pia kwamba makala ikishakubaliwa, hakimiliki huenda imehamia kwa mchapishaji. Ukitaka jedwali zima wakati huo, ruhusa inaweza kuwa si ya Daktari tena kuitoa.

Kama makala itatoka baada ya utetezi lakini kabla hujarudisha nakala yenye marekebisho ya watahini, tumia nafasi hiyo. Weka rejeleo la makala iliyochapishwa, na mswada uuondoe kabisa, isipokuwa kama unazungumzia jambo lililokuwa kwenye mswada na halimo kwenye makala. Hapo yabaki yote mawili, ukieleza tofauti. Lakini mwulize Daktari tena, kwa sababu mara nyingi jambo liliondolewa kwa sababu hakuliamini tena.

Akikataa je? Yale aliyoyasema kwenye semina ya wazi aliyasema mbele ya watu, na uwasilishaji una rejeleo lake: jina, tarehe kamili, kichwa cha mada, maneno [Uwasilishaji wa mada], jina la semina na mahali. Kama aliutaja mgawo wa aina nne siku ile nawe uliandika kwenye daftari, unaweza kuurejelea kwa njia hiyo, bila kuongeza chochote ulichokisoma baadaye kwenye faili. Hata hivyo, mwarifu. Mtu aliyekwambia "mswada usiutaje" akakuta semina imetajwa bila habari ataona umepitia mlango wa nyuma. Tafuta pia makala zake za awali na tasnifu yake ya uzamifu kwenye hazina ya chuo chake. Mara nyingi mbegu ya mgawo kama huo iko huko, imechapishwa, na inarejelewa bila shida.

Usilolifanya ni kuutumia mgawo wake kwa majina mapya, aina nne zikawa tano, Daktari asitajwe. Umeshausoma, barua pepe inayothibitisha ipo kwenye akaunti zenu wote wawili, na huo ni wizi wa kitaaluma hata kama hujanakili neno. Ikiwa data yako yenyewe inakuelekeza kwenye mgawo uleule, rudi kwa msimamizi pamoja na barua ya kukataliwa, mkamwandikie Daktari pamoja. Mwombe akuruhusu sentensi moja tu, inayosema kwamba mgawo unaofanana na huu umependekezwa katika mswada wake ambao haujachapishwa, bila maelezo wala takwimu. Waandishi waliokataa kutoa matokeo hukubali sentensi hiyo, kwa sababu inawawekea tarehe ya wazo lao kwa maandishi.